Rejesta ya mikataba ya wasambazaji: tarehe inayofaa kuandikwa si ile ya mwisho wa mkataba

Katika kampuni nyingi za ukubwa wa kati, mikataba ya wasambazaji na watoa huduma hukaa katika majalada matatu au manne yasiyojuana: nakala zilizosainiwa ziko kwa mwanasheria au kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi, nyongeza ziko katika barua pepe za idara ya manunuzi, na bei zinazolipwa kweli ziko kwa mhasibu. Pendekezo la kuchambua mikataba yote na kuandika katika rejesta moja vifungu vya kusitisha, tarehe za kuongeza muda na masharti ya adhabu huonekana basi kuwa jambo lisilo na mpinzani. Hata hivyo lina wapinzani, na baadhi yao ni wanasheria wenye hoja nzito. Hoja yao ni kwamba rejesta ni muhtasari, na mtu aliyezoea muhtasari huacha kusoma mkataba.

Njia nzuri ya kupima hoja hiyo ni kufuata mkataba mmoja hadi mwisho. Tuchukue mfano wa hoteli ya Dar es Salaam yenye mikataba 60 hivi, ukiwemo wa matengenezo ya lifti ulioanza tarehe 1 Januari 2024 kwa miaka mitatu. Ada ni shilingi milioni 2.4 kwa mwezi. Kifungu cha muda kinasema kwamba mkataba utamalizika tarehe 31 Desemba 2026, lakini utajiongeza kwa miaka miwili zaidi isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya maandishi, itakayopokelewa zikiwa zimesalia siku zisizopungua 90 kamili kabla ya tarehe hiyo. Kurasa kumi baadaye, katika vifungu vya jumla ambavyo wasomaji wengi huviruka, imeandikwa kwamba notisi itatumwa kwa huduma ya vifurushi kwenye anwani iliyotajwa, itahesabiwa kuwa imepokelewa siku ya tatu ya kazi baada ya kutumwa, na kwamba barua pepe peke yake haitoshi.

Rejesta iliyoandikwa kwa haraka huwa na safu moja ya tarehe, nayo husema 31 Desemba 2026. Kikumbusho hupangwa mwezi mmoja kabla, yaani tarehe 1 Desemba, na siku kinapolia, haki ya kukataa nyongeza imekwisha kufa miezi miwili nyuma. Hoteli imefungwa kwa miezi 24 mingine, ambayo ni shilingi milioni 57.6, ilhali jedwali lilikuwa sahihi kila neno. Kosa lake lilikuwa kujibu swali ambalo hakuna aliyekuwa na haja nalo.

Tarehe inayohitajika ni siku ya mwisho ya kutuma notisi, nayo haimo popote katika mkataba; lazima ihesabiwe kwa kuunganisha vifungu viwili vilivyo mbali. Siku 90 kabla ya 31 Desemba 2026 ni Ijumaa, tarehe 2 Oktoba. Kwa kuwa mkataba unadai siku kamili, ni salama zaidi kuhakikisha notisi inahesabiwa kupokelewa kabla ya hapo, Alhamisi tarehe 1 Oktoba. Siku tatu za kazi za usafirishaji zinaturudisha hadi Jumatatu, tarehe 28 Septemba. Katika Excel, ikiwa mwisho wa mkataba uko B2, siku za notisi C2, siku za usafirishaji D2 na orodha ya sikukuu iko safu ya F, hesabu hiyo ni hii:

```
=WORKDAY(B2-C2,-1-D2,$F$2:$F$20)
```

Ile -1 ndiyo inayolinda hali ambapo siku ya mwisho ya kupokea imeangukia Jumapili au sikukuu, kwani hurudi kwanza hadi siku ya kazi iliyotangulia. Orodha ya sikukuu nayo ina mtego wake kwetu, kwa sababu Idd hufuata mwandamo wa mwezi na haiwezi kuandikwa kwa uhakika mwaka mmoja kabla. Kwa mikataba ambayo hesabu yake inapita karibu na Idd, mimi huongeza siku mbili za tahadhari na kuandika kwamba nimeziongeza. Mkataba ukihesabu kwa miezi, fomula ni nyingine (`EDATE`), na jibu pia huwa jingine: miezi mitatu kabla ya 31 Desemba ni 30 Septemba, siku mbili mapema kuliko siku 90. Ndiyo maana safu ya notisi haipaswi kubadilisha «miezi mitatu» kuwa «90» kwa ajili ya unadhifu.

Hapo mpinzani atauliza kama mahakama zina ukali kiasi hicho kuhusu siku moja. Jibu linategemea aina ya kosa. Katika shauri la Mannai dhidi ya Eagle Star, lililoamuliwa na Baraza la Malordi la Uingereza mwaka 1997, mpangaji alitakiwa kutoa notisi ya kukatisha upangaji siku ya tarehe 13 Januari 1995, akaandika tarehe 12. Majaji watatu dhidi ya wawili waliikubali notisi hiyo, kwa sababu mpokeaji mwenye akili timamu angeelewa alichokusudia. Lakini mmoja wa hao watatu, Lord Hoffmann, alitoa mfano ambao watu wa mikataba hawausahau: kifungu kikidai notisi iandikwe kwenye karatasi ya bluu, karatasi ya waridi haitafaa, hata kama ujumbe umeeleweka kikamilifu. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama za Tanzania, ila hunukuliwa kama hoja za ushawishi. Funzo kwa mwandishi wa rejesta ni kwamba kosa la uandishi ndani ya notisi laweza kusamehewa, lakini njia ya kutuma ni sharti. Kwa hiyo safu ya «njia na anwani ya notisi», ambayo rejesta nyingi hazina kabisa, ina thamani kuliko safu tano za mapambo.

Vifungu vya kusitisha kwa sababu ya kosa la mwenzako havitaki maelezo marefu, ila tahadhari moja: safu ya «ndiyo» au «hapana» chini ya kichwa «tunaweza kuvunja mkataba?» ni hatari tupu. Karibu kila mkataba hukuruhusu kuuvunja kwa namna fulani. Tofauti iko katika muda ambao mkosaji amepewa kurekebisha, na katika nani anayeamua kwamba kosa ni kubwa. Maneno ya kifungu yanakiliwe kama yalivyo, pamoja na namba ya kifungu na ukurasa. Hili ndilo jibu langu kwa wanasheria: rejesta inayonukuu na kuonyesha ukurasa humrudisha mtu kwenye mkataba, na ile inayofupisha humtoa huko.

Hoja yao inabaki na nguvu zaidi kwenye adhabu, na hapo nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Wakurugenzi hupenda safu yenye kiasi cha fedha, wapate jumla chini ya jedwali. Sasa fikiria mkataba wa intaneti wa hoteli hiyohiyo, unaosema kwamba anayeuvunja mapema atalipa ada yote ya miezi iliyobaki. Ikiwa imebaki miezi 14 kwa shilingi milioni 3, rejesta itaandika milioni 42. Lakini kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinasema kwamba pale kiasi kilipotajwa katika mkataba kuwa malipo ya kuuvunja, anayelalamika anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, hata kama hasara halisi haijathibitishwa. Milioni 42 ni dari basi, na malipo halisi yanaweza kuwa chini yake. Mtoa huduma ambaye anaweza kuhamishia vifaa vyake kwa mteja mwingine baada ya mwezi mmoja ana kazi ngumu ya kuonyesha kwamba dari lote ni fidia ya haki. Meneja anayesoma «milioni 42» katika seli moja anaweza kuvumilia huduma mbovu kwa miezi 14 kwa kuogopa namba ambayo hakuna aliyeipima.

Upande wa pili wa adhabu, zile tunazostahili kudai sisi, una kasoro ya kinyume: huandikwa kana kwamba zinajilipa. Msambazaji wa mashuka amekubali kukatwa asilimia 0.5 ya thamani ya oda kwa kila wiki ya kuchelewa, isizidi asilimia 10. Oda ya shilingi milioni 18 ikichelewa wiki tatu, makato ni shilingi 270,000. Si fedha nyingi, lakini mkataba unataka dai litolewe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mzigo kupokelewa, na mhasibu analipa ankara siku ya 30 bila kujua kwamba kuna dai. Katika kampuni moja niliyofanyia kazi tulikuwa na kifungu cha namna hii kwa miaka minne na hatukuwahi kukata hata shilingi, ingawa kilikuwa kimeandikwa vizuri kabisa katika rejesta, kwa wino wa rangi nyekundu. Kilichokosekana ni mtu wa ghala kumwambia mtu wa fedha kwamba mzigo umechelewa. Kwa adhabu basi ningeandika mambo manne tu: kinachoianzisha, kanuni ya kuihesabu, dari lake, na siku za kuidai. Kiasi chenyewe kihesabiwe tukio linapotokea.

Linabaki suala la gharama, ambalo watetezi wa rejesta hulipuuza. Kusoma mkataba mmoja kwa makini, kutafuta nyongeza zake na kupata mtu wa pili wa kuhakiki tarehe, kwa uzoefu wangu huchukua saa moja na nusu ikiwa majalada yako sawa, nayo mara nyingi hayako sawa. Mikataba 60 ni saa 90, na kazi haiishii hapo. Mwezi Juni 2025, tuseme, hoteli yetu ilisaini nyongeza ya kuingiza lifti ya jengo jipya, na aya ya mwisho ya nyongeza hiyo ikasogeza mwisho wa mkataba hadi 31 Machi 2027. Aliyesaini alikuwa fundi mkuu, na nakala ikabaki ofisini kwake. Kuanzia siku hiyo rejesta inasema uongo kwa uhakika uleule iliokuwa ikisema ukweli.

Kwa sababu hiyo sioni haja ya kuingiza mikataba yote kwa kina kimoja. Inayojiongeza yenyewe ije kwanza, kwa kuwa huko ukimya una bei. Kisha yenye malipo ya kuvunja mapema. Ile inayokoma yenyewe tarehe ikifika inatosha kupewa mstari mmoja wenye jina, mwisho wake na mahali nakala ilipo. Kila mstari uwe na tarehe ya kuhakikiwa mara ya mwisho na jina la aliyehakiki, na mhasibu asilipe ankara yoyote yenye bei mpya kabla nyongeza iliyoleta bei hiyo haijawekwa katika jalada. Kwa mkataba wa lifti, kikumbusho cha kwanza kingelia katikati ya Agosti, ili zipatikane wiki sita za kuomba bei kwa mafundi wengine na kupata sahihi ya mkurugenzi kabla ya Jumatatu ile ya 28 Septemba. Na kabla ya kuandika notisi, mtu angeshuka kwanza hadi ofisi ya fundi mkuu kuuliza kama kuna karatasi nyingine aliyosaini.