Cherewa zina pumu

Kuna rekodi ya kidumbaki, ule muziki wa Zanzibar wa ngoma mbili ndogo, inayozunguka kwenye simu za watu hapa Mjini wiki hizi. Fidla safi, sanduku linanguruma inavyotakiwa, mwimbaji yuko juu. Sasa hebu sikiliza cherewa, yale manyanga ya kutikisa. Kila dumbaki likipigwa kwa sauti nzito, cherewa zinazama kama zimefunikwa na kawa, halafu zinaibuka zikihema. Wimbo mzima una pumu. Ukimuuliza fundi, atakwambia ametia kompresa, chombo kinachobana sauti inapozidi kiwango, kwenye kundi la ngoma na cherewa pamoja ili ngoma ziwe na kishindo. Kishindo chenyewe kiko wapi, jamani? Dumbaki limekuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye godoro.

Kompresa haina kosa. Makosa yako kwenye nobu mbili, ataki inayopanga muda wa kubana na rilisi inayopanga muda wa kuachia, na hasa hiyo ya pili, ambayo wengi wanaiacha pale ilipokuja nayo programu.

Tuanze na ataki kwa ufupi. Watu wanadhani ukiweka milisekunde 30, kompresa inakaa kimya milisekunde 30 ndipo ianze kazi. Sivyo. Inaanza kubana mara tu sauti ikivuka kizingiti, kile kiwango ulichokipanga. Hiyo 30 ni muda inaochukua kufikisha sehemu kubwa ya kubana kwake. Ni kama mlango mzito wa Mji Mkongwe: unaanza kusogea ukiusukuma tu, lakini kufunga kwake kuna mwendo. Ncha ya pigo, ule mlio wa kidole kwenye ngozi, inapita mlango ukiwa bado wazi. Kinachobanwa ni mwili na mkia wa sauti. Ncha ikibaki juu na mkia ukashuka, hapo ndipo sikio linaposema kishindo. Ukiweka milisekunde 1, unaikata ile ncha yenyewe uliyoitaka, kisha unapandisha sauti ya jumla na kushangaa mbona ngoma ni bapa. Kwa ngoma za mkono anzia 20 hadi 30. Na wenye nakala ya ile kompresa ya 1176 kwenye kompyuta wakumbuke kuwa namba zake zimegeuzwa: 7 ndiyo ya haraka kabisa, 1 ndiyo ya polepole, na hata hiyo ya polepole haifiki milisekunde moja. Si chombo cha kuitunza ncha ya dumbaki.

Sasa rilisi, ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Gawanya 60,000 kwa 120, unapata milisekunde 500 kutoka pigo hadi pigo. Tuseme dumbaki linatoa sauti nzito katika kila pigo, na sauti hiyo inakaa juu ya kizingiti kama milisekunde 150 kabla ya kufifia. Rilisi haianzi kazi mpaka sauti ishuke. Kwa hiyo kompresa haina 500 za kupumzika. Ina 350 tu. Humo ndimo inapaswa kufungua mlango kabla dumbaki halijabisha tena.

Na namba iliyoandikwa kwenye rilisi mara nyingi si muda wa kufungua mlango wote. Kompresa nyingi zinarudi kwa mteremko: katika muda mmoja ulioandikwa zinarudisha takriban theluthi mbili, katika muda wa pili theluthi mbili ya kilichobaki. Ukiwa umebana desibeli 3 na rilisi ni 150, baada ya milisekunde 150 imebaki desibeli 1 na kidogo, na baada ya 300 imebaki chini ya nusu desibeli. Sikio halioni kitu. Tumeingia ndani ya zile 350 na nafasi imebaki. Lakini bana desibeli 10 kwa rilisi hiyohiyo, na baada ya milisekunde 300 bado zaidi ya desibeli 1 haijarudi, tena cherewa zimepandishwa karibu desibeli 9 katikati ya mapigo mawili. Hiyo ndiyo pumu. Kumbe kinachohema si rilisi peke yake, ni rilisi na kiasi ulichobana. Watu wanaparamia nobu ya rilisi saa nzima wakati dawa ilikuwa kupandisha kizingiti.

Upande wa pili nao una balaa lake. Weka rilisi ya sekunde nzima kwenye wimbo huo, na sindano inayoonyesha kiasi cha kubana haitarudi sifuri hata mara moja. Pigo la kwanza linabanwa vizuri. La pili linakuta mlango ushafungwa, ncha yake inashushwa pamoja na mkia. Hakuna kuhema, ni kweli, nakubali. Hakuna kishindo pia. Umelipa kompresa kufanya kazi ya kupunguza sauti tu.

Na usikimbilie rilisi fupi mno, milisekunde 10 au 20. Sauti nzito ya hetsi 50 inachukua milisekunde 20 kukamilisha wimbi moja. Kompresa ikiwa na haraka kuliko hapo, inaanza kulifuata wimbi lenyewe, kubana na kuachia ndani ya mlio mmoja, na utasikia mkwaruzo kwenye ngoma nzito kama spika imechanika.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Weka uwiano wa 4 kwa 1, ataki ndefu kabisa, rilisi fupi kabisa, kisha teremsha kizingiti mpaka sindano ishuke desibeli 10. Itasikika vibaya; ndivyo inavyotakiwa, ili makosa yaonekane. Punguza ataki pole pole mpaka ncha ianze kufa, halafu rudi nyuma kidogo. Sasa refusha rilisi mpaka sindano icheze na mdundo, irudi karibu na sifuri kabla tu ya pigo linalofuata. Hapo ndipo upandishe kizingiti hadi zibaki desibeli 3. Linganisha na kompresa ikiwa imezimwa, lakini sawazisha sauti kwanza, maana chenye sauti kubwa kinadanganya sikio kila siku. Na unapolinganisha usisikilize dumbaki. Sikiliza cherewa, kwa sababu zinalia bila kukoma na hazina pa kuficha kuzama.

Linabaki tatizo moja ambalo namba hazilimalizi. Mpigaji akianza kudabo, mapigo mazito yanakuja kila milisekunde 250. Ondoa 150 za mkia, zimebaki 100 tu. Rilisi ingetakiwa iwe 50, na hapo cherewa zitaanza kutetemeka. Usifuate huko. Kompresa nyingi zina kichujio kwenye upande wake wa kusikilizia; kata chini ya hetsi 100 hivi, ili uzito wa ngoma usiwe ndio unaoamrisha kila kitu. Sauti inayotoka haikatwi, kompresa tu ndiyo inayozibwa sikio moja. Kama wimbo haukupigwa kwa kliki ya kushika kasi na kasi inapanda, piga hesabu kwa sehemu yenye kasi zaidi, si kwa mwanzo.

Wa nyimbo za klabu wanaotaka kila kitu kiheme kwa makusudi, haya, waheme. Kidumbaki hakikuomba.

Na ikiwa baada ya yote hayo bado zinazama, mbona cherewa zimo kwenye kundi la kompresa? Zitoe. Ziache na vijiti vya mkwasa kwenye njia yao, na kompresa ibaki na madumbaki mawili peke yao.