Kioo husukumwa zaidi, si kidogo

Wapo wanaosema: "Kioo kisichofyonza mwanga hakisukumwi na leza." Ni kinyume kabisa. Mwanga una momenta, yaani nishati yake ugawanye kwa kasi yake. Ukuta mweusi unaumeza mwanga, unapokea momenta hiyo basi; kioo kinauzuia halafu kinaurudisha ulikotoka, kwa hiyo hesabu inakuwa mara mbili: F = 2P/c, F ikiwa msukumo, P wati za leza na c kasi ya mwanga. Leza ya wati 1,000 ikikipiga kioo uso kwa uso, si kimshazari, 2 × 1,000 ÷ 300,000,000 inakupa kama mikronyutoni 6.7, uzito wa chembe ya mchanga. Ndiyo maana kile kigurudumu cha mapanga manne, kila panga jeusi upande mmoja na la kung'aa upande wa pili, ndani ya tufe la kioo angavu, kipo maabara ya shule moja hapa Moshi, kinawapoteza watu: upande mweusi ndio unaoikimbia taa! Ingekuwa msukumo wa mwanga, ungekimbia upande unaong'aa. Kinachokizungusha ni hewa kidogo iliyobakia mle, ikipashwa joto na ule weusi. Walimu wa Arusha, nyie mnalionyeshaje hili darasani bila kifaa hicho?