Daftari la tredi limenionyesha hela zangu zinapopotelea

Nimetredi EURUSD kwa simu hapa Kampala muda mrefu nikiamini setapu yangu ndo mbovu, nikawa naibadilisha kila wiki. Mwezi mmoja nikaamua kuandika kila tredi, akaunti ilikuwa dola 300 na nahatarisha dola 3 tu kila nikiingia. Mwisho wa mwezi tredi 38, nimepoteza dola 26.

Historia ya kwenye app inakupa saa, loti na hasara, ila haikwambii kwa nini uliingia. Hiyo sababu andika kabla hujabonyeza, pamoja na stoplosi, maana ukiandika baadaye akili inakutungia sababu nzuri ambayo haikuwepo.

Sasa kilichonifungua macho ni kolamu moja, dakika ngapi zimepita tangu tredi ya mwisho ifungwe. Kwenye Excel tarehe na saa ya kufungua iko B, tarehe na saa ya kufunga iko C, basi unaweka hii:

```
=(B3-C2)*1440
```

Nikachambua zile nilizofungua ndani ya dakika 10 baada ya hasara. Zilikuwa 9, zimekula dola 47. Zile 29 zingine zimeingiza dola 21! Yaani setapu ilikuwa inalipa muda wote huo, mimi naitupia lawama.

Angalia Jumanne moja, data ya Marekani imetoka saa tisa na nusu alasiri. Saa 15:41 stoplosi ikapigwa, loti 0.02, pipsi 15, dola 3 zimeenda, hiyo ni hasara ya kawaida kabisa. Saa 15:44 nimeingia tena, loti 0.06, kolamu ya stoplosi tupu, na kwenye sababu nimeandika "lazima irudi". Ikaenda pipsi 20 kinyume nikafunga, dola 12, mara nne ya nilichopanga. Loti imepanda mara tatu ndani ya dakika tatu na chati haijaonyesha kitu kipya, hapo ndugu yangu ni kisasi tu.

Tredi za pupa hazishikwi na hiyo kolamu ya dakika kwa sababu mara nyingi hakuna hasara nyuma yake. Hizo nilizipata kwenye sababu, unakuta "inakimbia sana" au "nisiachwe", hakuna leveli iliyotajwa, na bei ya kuingia iko mbali na pale nilipopanga asubuhi.

Ila usihukumu kwa dakika peke yake, kuna setapu inaruhusu kuingia tena haraka. Mimi naangalia kama loti ni ileile, stoplosi ipo, na sababu inataja leveli. Vikiwepo vyote naiacha. Na tredi 9 ni chache, kwa hiyo nimeendelea kuandika mwezi wa pili, na sasa baada ya hasara naweka alamu ya dakika 30 kwenye simu kabla sijafungua chati tena.