Alama ya Pasi Mezani: Barua Yangu ya Kudai Ukurasa Uliofungiwa Kimakosa

Jumanne asubuhi nilishika simu nijibu oda za usiku, nikakuta ukurasa wa duka langu haupo. Mahali pake palikuwa na sentensi moja tu: ukurasa umesimamishwa kwa kukiuka kanuni kuhusu kujifanya biashara nyingine. Niliisoma mara tatu. Mikoba ninayouza naishona kwa mkono wangu, picha napiga mwenyewe, na jina la duka nimelitumia miaka sita. Sasa nijifanye nani?

Jibu lilitoka kwa mteja. Alinitumia skrinishoti ya ukurasa mwingine wenye jina langu lililoongezwa nukta moja mwishoni, umejaa picha zangu. Chini yake akaandika: "Dada, ndiyo mmehamia huku? Mbona nimeshalipa tangu juzi na mkoba sijauona?"

Hapo nikaelewa mchezo. Mtu alinakili picha, akafungua ukurasa wake, kisha akaniwahi kuniripoti mimi kuwa ndiye feki. Anayeripoti kwanza huonekana mlalamikaji, na mwenye mali anabaki kujitetea. Mtu akitazama kurasa mbili zenye picha zilezile bila kuangalia upi ulitangulia, kumfungia yeyote kati yetu ni bahati nasibu.

Rufaa yangu ya kwanza niliiandika kwa uchungu. Nilieleza jinsi duka linavyonilisha, nikataja idadi ya wafuasi, nikaomba sana. Baada ya dakika nne nikajibiwa kwamba uamuzi umebaki palepale. Sidhani kama kuna mtu aliyeisoma. Lakini hata kama angekuwepo, sikumpa chochote cha kushika. Mwizi naye anaweza kulia kwa maneno yaleyale. Swali lililokuwa mezani lilikuwa moja, picha hizi ni za nani, na mimi sikuligusa.

Kwa hiyo nilikaa na zile picha. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ukubwa. Faili zilizo kwenye simu yangu zina upana wa pikseli 4000. Zile za ukurasa feki zina 1080, maana zilishushwa kutoka mtandaoni zikiwa zimeshabanwa. Cha pili ni kingo. Yule mtu alikata picha ili kuondoa jina langu lililo pembeni. Basi kwenye faili yangu mkoba uko mezani, dirisha linaonekana kushoto, na kulia kuna alama nyeusi ya pasi niliyoisahau juu ya meza mwaka wa kwanza wa kazi. Kwake mkoba unaanzia pale nilipokatwa. Ukiwa na picha nzima unaweza kuikata, lakini aliyeshika kipande hawezi kurudisha dirisha na meza vilivyokuwa kweli. Na kwenye picha moja, ya mkoba wa bluu, alisahau: nusu ya alama ya pasi imebaki pembeni.

Cha tatu ni zile taarifa zinazofichwa ndani ya faili ya picha, ziitwazo EXIF, zinazoonyesha aina ya simu, tarehe na saa ya kupiga. Hapa nusura nijimalize. Nilikuwa nimemtumia mdogo wangu picha hizo kwa ujumbe ili aziweke kwenye kompyuta, na zilipofika kule taarifa zote zilikuwa zimefutika. Programu nyingi za ujumbe huzibana picha na kuzifuta taarifa hizo. Skrinishoti nayo haizibebi. Ikabidi nizihamishe kwa waya, faili zenyewe. Hata hivyo EXIF inaweza kubadilishwa na mtu anayejua, kwa hiyo sikuitegemea peke yake. Niliiweka nyuma ya picha nzima.

Marafiki walinishauri nifungue ukurasa mpya haraka, wateja wasipotee. Nilikataa, na bado naona nilifanya sawa. Ningekuwa ukurasa wa tatu wenye picha zilezile, na ningeonekana nakwepa adhabu wakati huohuo naomba iondolewe.

Barua ya pili niliituma kupitia fomu ya msaada kwa wafanyabiashara, kwa sababu ile ilikubali viambatanisho. Hii hapa, nimeondoa majina na namba tu:

"Naomba mpitie upya uamuzi wa kusimamisha ukurasa wenye namba ya utambulisho iliyo hapo juu. Ulisimamishwa kwa madai ya kujifanya biashara nyingine. Madai hayo si ya kweli: ukurasa unaofanana na wangu, ambao kiungo chake nimekiweka hapa, ndio ulionakili picha zangu.

Nimeambatanisha jozi tatu za picha. Katika kila jozi, ya kwanza ni faili halisi kutoka kwenye simu yangu na ya pili ni ile iliyo kwenye ukurasa huo. Tazameni kingo: yangu inaonyesha meza nzima na dirisha, ile nyingine ni kipande chake. Katika jozi ya tatu, alama ya kuungua iliyo kulia kwenye faili yangu inaonekana nusu kwenye picha yao. Nimeambatanisha pia picha ya meza hiyo niliyoipiga leo, alama ikiwa palepale, pamoja na cheti cha usajili wa biashara chenye jina lilelile la ukurasa.

Linganisheni pia tarehe za kufunguliwa kwa kurasa hizi mbili, ambazo ninyi mnaziona. Wangu una miaka sita.

Naomba ukurasa urejeshwe. Kama mtakataa, nielezeni ni picha gani au maneno gani yaliyokiuka kanuni."

Ndiyo yote. Namba ya utambulisho iko mwanzo kwa sababu jina linaweza kuigwa na namba haiwezi. Huruma sikuiomba. Na lile ombi la mwisho ndilo ninalolipigania zaidi hapa.

Kumwambia mtu "umekiuka kanuni" bila kumwonyesha wapi ni kumtaka ajitetee gizani. Hili si jambo lisilowezekana kwa kampuni hizi. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya huduma za kidijitali mwaka 2022, na tangu Februari 2024 majukwaa ya aina hii yanatakiwa kumpa mtumiaji aliye huko sababu mahususi za uamuzi, kumwambia kama mashine ilihusika, na kumpa angalau miezi sita ya kulalamika. Tena malalamiko hayo hayaruhusiwi kuamuliwa na mashine peke yake. Ikiwa linafanyika kwa mwenye duka wa huko, uwezo upo. Sisi wengine tunapewa kisanduku cha maandishi na jibu la dakika nne.

Siku ya kumi na moja ukurasa wangu ulirudi. Ujumbe ulisema umerejeshwa baada ya kupitiwa upya. Haukutaja kilichokosewa, wala ule ukurasa feki. Nikaenda kuutafuta nikaukuta bado uko hewani, na chini ya mkoba wa bluu kuna mteja mpya anauliza bei.

Nimemwandikia yule mteja asilipe. Picha ya mkoba huo nimeiripoti tena leo asubuhi, na nimeambatanisha ile ya meza.