Barua ya kurudi Mtwara ianze na tarehe ya kuripoti kazini

Wengi tulio Ulaya tunapomwandikia mwajiri wa nyumbani tunaandika "natarajia kurudi mwaka huu, Mungu akipenda". Kwa mama au mjomba sentensi hiyo inatosha. Kwa meneja wa kiwanda cha korosho Mtwara au Masasi haina kazi, kwa sababu yeye anahesabu msimu. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi, na mashine za kubangua zinatakiwa zifunguliwe, zisafishwe na kujaribiwa kabla mzigo haujaingia. Fundi atakayefika mwezi wa kumi na mbili amekuta kazi imeshapewa mtu wa karibu, na sioni kosa la meneja hapo.

Tofauti kubwa ninayoiona kati ya huku na nyumbani ni namna mtu anavyoachana na kazi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Meneja wa Mtwara anayo hesabu hiyo kichwani, hivyo ukimwambia unahitaji miezi mitano anadhani unamzungusha. Ujerumani sheria yenyewe inaanzia wiki nne, lakini mikataba mingi ya mafundi imeandika miezi mitatu inayoishia mwisho wa mwezi. Nyumba nayo ina notisi ya miezi mitatu, na barua yake lazima imfikie mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi ya mwezi kupita. Ukichelewa siku moja, unalipa kodi ya mwezi mzima zaidi. Mweleze mwajiri hilo kwa sentensi moja, ataelewa kwamba muda unaoomba ni wa mkataba na hautokani na kusitasita kwako.

Tuchukue fundi umeme wa kiwandani aliyeko Ujerumani, mwenye mkataba wa notisi ya miezi mitatu, anayetaka kuanza kazi Mtwara Jumanne, 1 Septemba 2026. Hesabu ianzie mwisho irudi nyuma. Ili awe huru 31 Julai, notisi yake iwe mkononi mwa mwajiri wa Ujerumani kufikia 30 Aprili. Ili atoe notisi bila kubahatisha, mkataba wa Mtwara uwe umesainiwa siku kama ishirini kabla. Ili mkataba upatikane wakati huo, barua ya kwanza iende katikati ya Februari. Mwaka huo Ramadhani inaangukia papo hapo, kwa hiyo mazungumzo ya simu yaombwe asubuhi na si karibu na futari. Saa nne asubuhi ya Mtwara ni saa mbili asubuhi Ujerumani wakati wa baridi. Kuanzia mwisho wa Machi wanasogeza saa zao, tofauti inabaki saa moja. Andika "saa za Tanzania" kila unapotaja muda.

Sehemu yenye uzito ya barua inaweza kuwa hivi:

"Yah: Nafasi ya fundi umeme wa kiwanda, kuanza kazi Jumanne 1 Septemba 2026

Ndugu Meneja,

Mimi ni Mtanzania mwenye pasi ya Tanzania na namba ya NIDA, hivyo sihitaji kibali cha kazi. Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya miezi mitatu inayoishia mwisho wa mwezi. Nikipata mkataba wenu uliosainiwa kufikia Ijumaa 10 Aprili, nitatoa notisi kabla ya 30 Aprili, nitamaliza kazi huku 31 Julai, nitakuwa Mtwara 17 Agosti na nitaripoti kazini 1 Septemba. Mkataba ukichelewa lakini ukanifikia kabla ya 15 Mei, nitaripoti 1 Oktoba. Naomba kujua pia kama nafasi hii ni ya msimu au ya kudumu."

Angalia kwamba kila tarehe imefungwa kwenye tendo la mwajiri. Akichelewa kusaini, anajua mwenyewe tarehe imesogea kiasi gani, wala hakuna wa kugombana naye. Na tarehe inayotangulia ni ya kuripoti kazini. Ukiandika siku ya ndege, meneja atakutegemea kesho yake, wakati wewe bado uko Dar es Salaam unashughulikia TIN na benki.

Swali la msimu au kudumu lisiachwe, hata likionekana la kukosa adabu. Viwanda vya korosho vina ajira za miezi michache zinazokwisha mzigo ukiisha. Mtu wa Tandahimba anayezifanya anarudi shambani kwake bila hasara. Wewe umeacha mkataba wa kudumu, na kwa kawaida kibali chako cha ukaazi Ujerumani kinakufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Isitoshe, sheria yetu haimpi kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Miezi sita ileile ambayo mlango wa huku unajifunga, wa nyumbani bado haujakomaa. Hapo ndipo ninaposhikilia msimamo wangu: usitoe notisi kwa ahadi ya mdomo, hata aliyeitoa akiwa ni ndugu wa damu.

Jibu la kweli la meneja linatambulika. Linataja cheo, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na mshahara, na linasema kama mshahara huo ni kabla au baada ya makato. Mambo hayo mwajiri anatakiwa kisheria kumpa mfanyakazi kwa maandishi, kwa hiyo kuyaomba si kiburi. Jibu la "karibu nyumbani, tuko pamoja" ni ukarimu, na ukarimu wa kusini ni wa dhati kabisa, lakini hauna tarehe. Mjibu kwa heshima, umkumbushe 10 Aprili.

Kosa linalovuruga ratiba nzima hutokea upande wa Ujerumani. Sheria yao haitambui notisi ya kuacha kazi iliyotumwa kwa barua pepe au WhatsApp. Inataka karatasi yenye saini ya wino. Fundi akituma barua pepe 28 Aprili na karatasi ikafika 4 Mei, kazi yake inaisha 31 Agosti badala ya 31 Julai. Septemba ya Mtwara imepotea. Peleka kwa mkono na uombe mtu asaini nakala kwamba ameipokea.

Agosti nzima isionekane kama mapumziko. Wiki mbili za kwanza ni za kukabidhi nyumba, kujifuta kwenye daftari la wakazi na kusafiri. Zinazobaki ni za kutafuta nyumba Mtwara, na hapa fedha huwapiga chenga wengi. Dhamana ya nyumba ya Ujerumani, ambayo inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, hairudishwi siku ya kukabidhi funguo. Mara nyingi huchukua miezi. Mwenye nyumba wa Shangani au Ligula naye anaweza kutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Usipange kulipa hiyo kwa ile. Tenga kodi ya Mtwara pembeni tangu Februari, siku ileile barua inapoondoka.