Mmoja analipwa mara tatu ya mwenzake: nani aweke ngapi, na mali iwe ya nani?

"Dada, mume wangu anapokea 2,100,000 mkononi, mimi 700,000. Anataka kila mwezi tuwekeze 400,000, nusu kwa nusu, ili tuwe sawa. Nikisema siwezi, naonekana sitaki maendeleo. Yeye anawaza kiwanja, mimi nawaza ada ya sekondari ya mtoto. Tugawane vipi?"

Mdogo wangu, nusu kwa nusu si wazo baya lenyewe. Lina heshima yake. Kila mmoja akiweka 200,000, hakuna atakayemwambia mwenzake siku moja "hiki nilikijenga mimi", na hesabu yake hata mtoto anaielewa. Nimeona ndoa ambazo mpango huu umeendelea vizuri kwa miaka, ila zote zilikuwa na mishahara inayokaribiana. Kwako, 200,000 ni karibu asilimia 29 ya unachopokea, na kwa mumeo haifiki hata asilimia 10. Kiasi kilekile kinamgusa yeye kidogo na kukubana wewe mpaka kwenye nauli.

Njia ya pili ambayo wengi huikimbilia ni uwiano wa kipato. Mishahara yenu imekaa tatu kwa moja, kwa hiyo yeye angeweka 300,000 na wewe 100,000, na kila mmoja angekuwa ametoa asilimia 14 ya chake. Hii ni haki zaidi, na kama hamtaki hesabu ndefu inatosha. Lakini ina kasoro moja ambayo huonekana pale tu mnapoandika matumizi yote. Nauli na chakula cha mchana kazini havipungui kwa sababu mshahara ni mdogo. Daladala haimwulizi mtu analipwa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa nyumba kama yenu. Kodi 400,000, shule na usafiri wa mtoto 300,000, chakula 480,000, umeme, maji na gesi 120,000, dada wa kazi 100,000. Jumla 1,400,000. Mkichangia kwa uwiano wa tatu kwa moja, yeye anatoa 1,050,000 na wewe 350,000. Sasa toeni mambo ya lazima ya kila mmoja. Tuseme yeye ana mafuta ya gari na hela ya wazazi, 350,000. Wewe una nauli, chakula cha kazini na kidogo cha mama, 180,000. Yeye anabaki na 700,000, wewe unabaki na 170,000. Kumbe ukishatoa ya lazima, tofauti yenu si tatu kwa moja tena, ni kama nne kwa moja. Mkiwekeza kwa kufuata kilichobaki, yeye anaweka 320,000 na wewe 80,000. Hiyo ndiyo njia ninayoipendelea, kwa sababu uwekezaji hutoka kwenye kilichobaki, hautoki kwenye mshahara ulioandikwa kwenye karatasi.

Upande wa pili una hoja na lazima isikilizwe. Anayepata kingi anaweza kusema: mimi naweka 320,000, mwenzangu 80,000, halafu mali iwe nusu kwa nusu? Pia mfumo wa kilichobaki unaweza kumlinda mtumiaji. Mwenye matumizi makubwa ya binafsi anaonekana ana kidogo, kwa hiyo anachangia kidogo. Ndiyo maana orodha ya "lazima" inakubaliwa na wote wawili kabla ya hesabu. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu ni lazima, kwa sababu yanakatwa juu kwa juu. Mkopo wa mshahara ambao mmoja aliuchukua bila mwenzake kujua, mimi siuweki kwenye lazima. Utoke kwenye hela yake ya mfukoni.

Lakini swali la "mali iwe ya nani" ni swali lingine kabisa, na hapa ndipo ndoa nyingi zinaumia. Watu hubishana nani aweke ngapi, wakasahau kukubaliana jina la nani liandikwe. Na kuna mtego ambao nimeuona nyumba baada ya nyumba: mwenye kipato kikubwa anasema "wewe shika chakula na vitu vya ndani, mimi nitashughulikia kiwanja." Inaonekana ni mgawanyo wa kawaida. Baada ya miaka kumi, pesa ya mmoja imepikwa na kuliwa, ya mwingine imesimama ikiwa na hati. Wote walitoa jasho, ila mmoja tu ndiye mwenye karatasi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inafaa kujulikana hapa. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa na jina la mmoja, itachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa wana haki sawa. Maana yake, mkifungua akaunti ya pamoja na mumeo akaweka 320,000 dhidi ya 80,000 zako, sheria inaanzia nusu kwa nusu. Mumeo anastahili kulijua hilo kabla hajasaini, asije akahisi alitegwa. Na wewe unastahili kujua kwamba kiwanja chenye jina lake peke yake kinakuachia wewe kazi ya kuthibitisha.

Wengi hujibu kwamba mahakama inatambua kazi za nyumbani. Ni kweli. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango. Ila watu huisimulia kesi hiyo nusu. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alishampa fedha za kuendesha biashara ya familia naye akazitapanya. Kutegemea hakimu aje akuhesabie miaka yako ni njia ndefu na yenye maumivu. Karatasi iliyoandikwa mkiwa mnapendana ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni vikapu viwili. Kikapu cha malengo ya pamoja kina majina mawili na umiliki wa nusu kwa nusu, hata kama michango haifanani, kwa sababu lengo ni la nyumba na kura ni moja kwa kila mtu. Nje ya hapo, kila mmoja abaki na chake. Mumeo atabaki na 380,000 na wewe 90,000, na hapo hakuna kuulizana. Akitaka kununua hisa kwa hela hiyo, ni zake. Sifichi kwamba hiyo itamfanya atajirike haraka kuliko wewe, lakini naona ni afadhali kuliko kumnyima mtu kila senti aliyoitolea jasho.

Kuna nyumba ambazo ushauri huu hauzikai vizuri. Kwa wengi walio kwenye ndoa ya Kiislamu, matunzo ya nyumba ni wajibu wa mume na mali ya mke ni ya mke. Hapo mke hadaiwi mchango, na akichangia ni kwa hiari yake, hivyo umiliki ufuate alichotoa au walichoandikiana. Na mume mwenye mke mwingine, au mzazi mwenye watoto wa nje ya ndoa hii, hawezi kuahidi nusu kwa nusu bila kuwafikiria hao nao. Huko ni bora kuandika sehemu za kila mmoja waziwazi.

Sasa malengo. Kiwanja au ada? Msianze kwa kujadiliana. Kaeni mbali, kila mmoja aandike malengo yake matatu, bei yake na mwaka anaotaka yatimie, kisha mkae pamoja mlinganishe. Mara nyingi mtagundua ugomvi ni wa tarehe.

Lengo la kwanza lisiwe la yeyote kati yenu. Liwe akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya nyumba, yaani 4,200,000. Kwa 400,000 kwa mwezi mtaifikia ndani ya miezi kumi na moja. Bila hiyo, mtoto akiugua mtauza mlichowekeza. Baada ya hapo, tuseme kiwanja ni 12,000,000 na ada mnayotaka kuwa nayo ni 9,000,000 baada ya miaka mitano. Ada inataka 150,000 kwa mwezi, hata kabla ya faida. Inabaki 250,000 ya kiwanja, ambayo ni miezi 48. Mumeo atasema ni mingi. Sawa, anaweza kuongeza 100,000 kutoka kwenye hela yake, na muda utashuka hadi miezi 35. Lakini semeni siku hiyohiyo, kwa maandishi, kama nyongeza hiyo ni mchango wa nyumba au inambadilishia fungu. Mimi ningesema ni mchango. Wakati mbaya wa kuliamua hilo ni siku ya kusaini mkataba wa mauziano.

Mahali pa kuweka kunafuata tarehe. Hela ya dharura na ya kiwanja isiende kwenye hisa, kwa sababu bei inaweza kuwa chini mwezi ule ule muuzaji anapokubali. Mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hiyo kwa kuwa unatoka bila kusubiri muda mrefu. Ada ya miaka mitano mbele inaweza kwenda kwenye hatifungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali kwa muda maalumu nayo inawalipa riba. Kila mkifikisha 1,000,000, ambayo ndiyo kiwango cha chini, mnanunua kupitia benki au dalali, na riba inalipwa kila miezi sita. Ukihitaji kutoka kabla ya muda lazima uuze sokoni, na huenda usipate ulichoweka. Kama mmoja wenu imani yake inamkataza riba, lizungumzeni kabla, lisije likawa siri.

Kwenye fomu ya akaunti ya pamoja, angalieni mstari unaouliza nani anaruhusiwa kutoa. Chagueni saini za wote wawili kwa akaunti ya kiwanja na ada, na saini ya yeyote kwa akaunti ya dharura, kwa sababu mwenzio akiwa safarini hospitali haitamsubiri. Na kama siku moja kipato chako kitageuka biashara isiyo na mshahara, chukueni mwezi wa chini kabisa kati ya sita iliyopita kama msingi, kisha ongezeni mwezi ukiwa mzuri.

Dalili ya kwanza kwamba mpango unachubuka ni mchango kuchelewa miezi miwili mfululizo, hata kama baadaye unafika. Mara nyingi nyuma yake kuna mkopo ambao haujasemwa. Msisubiri mwisho wa mwaka. Mwezi wa pili, fungueni tena orodha ya lazima, mpige hesabu upya kutoka kwenye kilichobaki.