Kadi iliyomwita Ba'mdogo Said "Saida"

Kadi za harusi ya binti yangu zilifika Tanga siku ya Alhamisi, na jioni ile ile nilipata ujumbe wa sauti kutoka Ngamiani. Ba'mdogo Said hakuanza na salamu, jambo ambalo si kawaida yake. Aliuliza tu: "Mwanangu, Saida ni nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi naishi Poznań, binti yangu Zainab anaolewa na kijana wa Kipolandi, Paweł, na mama yake Paweł alijitolea kuandika kadi zote kwa mkono wake. Ile ya ba'mdogo ilisomeka hivi: *Mamy zaszczyt zaprosić Pana Saida Bakariego*. Maana yake ni "tuna heshima ya kumwalika Bwana Said Bakari". Kwa Mpolandi sentensi hiyo haina kosa hata moja. Kwa mzee wa Ngamiani, mtu mzima ameitwa jina la kike, na jina la marehemu baba yake limevurugwa.

Kwetu kadi ya mwaliko ni kitu chepesi kuandaa. Unachapisha mia mbili zinazofanana: "Familia ya Bw. fulani wa Ngamiani, Tanga, inayo furaha kukualika Bw./Bi.", kisha vinafuata vidoti, na kijana mwenye mwandiko mzuri anakaa barazani kujaza majina. Andika Said, Zuhura au Saumu, sentensi haitikisiki. Kiswahili hubeba kazi ya kuonyesha nani anaalika na nani anaalikwa kwenye kitenzi: namwalika, tunawaalika, amenialika. Jina lenyewe haliguswi. Hata kile kiishio chetu cha "-ni" kinachogeuza nyumba kuwa nyumbani hakimfuati mtu. Tunakwenda kwa Said, hatuendi "Saidini".

Kipolandi kinafanya kinyume. Jina ndilo linalobeba alama ya kuonyesha linafanya nini ndani ya sentensi, na ziko hali saba. Neno *zaprosić*, kualika, linadai hali inayoitwa *biernik*, yaani hali ya mtu anayetendewa. Jina la mwanamume linaloishia na konsonanti hupata "-a" hapo: Jan anakuwa Jana, Adam anakuwa Adama, na kwa kanuni hiyo hiyo Said anakuwa Saida. Shida yetu watu wa Pwani ni kwamba "-a" hiyo hiyo, katika majina tuliyoyapata kutoka Kiarabu, ndiyo inayomtofautisha mwanamke na mwanamume. Salim akialikwa Polandi anaandikwa Salima. Rashid anakuwa Rashida, Jamil anakuwa Jamila. Hao wote ni dada zetu na shangazi zetu. Msomaji wa Kipolandi haoni mwanamke pale, kwa sababu neno *Pana* lililotangulia limeshamwambia ni bwana. Msomaji wa Tanga asiyejua Kipolandi haoni kitu kingine.

Kilichomuumiza ba'mdogo zaidi ni kadi ya dada yake. Shangazi Zuhura aliandikiwa *Panią Zuhurę Bakari*. Zuhura limepata kimkia chini ya herufi ya mwisho, lakini Bakari limebaki zima. "Baba yetu ni mmoja," akasema, "kwa nini kwa Zuhura ni Bakari na kwangu ni Bakariego?" Swali hilo nililichukua kwa uzito, maana kwetu jina la pili si la ukoo wa mbali, ni baba yako mzazi. Jibu ni kwamba Wapolandi wanaliangalia kama jina la ukoo, na jina la ukoo la mwanamume likiishia na "-i" hufuata vivumishi, kama yule mtunzi wa muziki Verdi anavyokuwa *Verdiego*. Likibebwa na mwanamke, na haliishii na "-a", halibadiliki kabisa. Ndiyo maana shangazi Saumu yeye hakuguswa popote. Jina la kike linaloishia na "-u" halina mlango wa kupitisha kiishio. Na kaka yangu Juma, kwa sababu jina lake linaishia na "-a", linakwenda sawasawa na Kuba, ambalo huku ni jina la kawaida la kiume: *Kubę, Jumę*. Umbo ni kama la jina la kike, lakini hakuna anayemdhania Kuba ni mwanamke.

Nimeishi huku miaka mingi na nimewasikia Waafrika wenzangu wakiwaambia Wapolandi, "jina langu msilibadilishe." Nami nilisema hivyo zamani. Sasa sikubaliani nalo. Kazini nilikuwa naitwa kwa umbo moja tu katika kila sentensi, na nikaja kugundua kwamba wenzangu walikuwa wanapanga maneno kwa kuzunguka ili wasinitaje. Jina lisilopata kiishio chake linasikika kwao kama neno lililokatwa. Siku walipoanza kuninyambua kama wanavyomnyambua Marek au Tomasz, ndipo walipoanza kunitaja bila kusita.

Lakini kadi inayosafiri kwenda Tanga haisomwi na Wapolandi peke yao, na hapo nawapa haki wazee wangu. Basi tulikaa, mimi na mama yake Paweł, tukazirudia kadi za Tanga. Hatukuliacha jina bila kiishio ndani ya ile sentensi. Hilo lingekuwa kosa, na yeye asingekubali kulitia saini. Tulilitoa jina nje ya sentensi. Juu kabisa tukaandika peke yake *Szanowny Pan Said Bakari*, umbo lake zima, na mstari wa chini ukaanza upya: *Serdecznie zapraszamy na ślub Zainab i Pawła*, tunawakaribisha kwa moyo kwenye ndoa ya Zainab na Paweł. Kitenzi kimebaki bila mtu wa kumtaja, kwa hiyo hakimdai yeyote kiishio. Kwa kadi za kualika hakuna njia nyepesi kuliko hiyo, na vidoti vya kujaza kwa kalamu vinaweza kurudi.

Barua ya kupeleka ubalozini kwa ajili ya viza niliifanya tofauti. Pale sentensi lazima itaje ninayemwalika, na karani atalinganisha na pasipoti. Nikaandika *zapraszam mojego stryja, Saida Bakariego*, halafu chini yake nikaweka mistari ya pekee: *Imię: SAID. Nazwisko: BAKARI*, pamoja na namba ya pasipoti. Mtu akisoma "Saida" pekee yake anaweza kudhani pasipoti inayotafutwa ni ya mwanamke, na nisingependa mzee wa miaka sabini na moja aulizwe hilo dirishani.

Jumapili nilimpigia ba'mdogo, nikamwamkia, nikamsomea kadi mpya. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudie pale mwisho. Nikarudia: *Zainab i Pawła*.

"Huyo kijana si anaitwa Paweł?"

"Ndiyo, ba'mdogo."

"Na kadi ni yao wenyewe?"

Nikamweleza kwamba baada ya neno *ślub* jina la bwana harusi lazima libadilike, hata "e" yake ya katikati inaanguka, na kwamba Zainab, kwa kuwa ni la kike na linaishia na konsonanti, ndilo lililosalimika. Akamwita shangazi Zuhura aje asikilize. Nikawasikia wakizungumza mbali na simu, kisha akarudi na kuniambia ile kadi ya kwanza hatairudisha, ataiweka pamoja na hii mpya. Ila nyuma ya hiyo mpya, upande wa Kiswahili, nimwandikie kwa kalamu: Said bin Bakari.